Jua la Tarehe 18: Kwa Nini Utabiri wa Mvua Huyumba Ukivuka Siku Kumi

*Mimi ni mama mkulima wa Njoro. Mwezi wa Novemba nilitazama utabiri wa wiki mbili kwenye simu, ukaonyesha jua tupu kuanzia tarehe 18, nikatafuta vibarua wa kuvuna mahindi. Siku mbili baadaye ulikuwa umegeuka mvua ya radi, kesho yake ukarudi jua, na tarehe 18 yenyewe mvua ikatupata mahindi yakiwa kwenye turubai. Hizo kompyuta hupata wapi majibu yake, na mbona zikivuka siku kumi zinabahatisha tu?*

Pole kwa mahindi, mama. Kile kijua cha manjano ulichokiona zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, na kijua utakachokiona leo kwa ajili ya kesho, vimechorwa kwa rangi moja na ukubwa mmoja, lakini havina uzito mmoja. Cha kesho kimebeba habari. Cha siku ya kumi na mbili, kwa mvua ya shamba moja huko Njoro, hakikubeba karibu chochote, na aliyeitengeneza programu hiyo alipaswa kukuonyesha tofauti hiyo. Hakukuonyesha, na ndiyo maana napenda kulijibu swali lako kwa kirefu.

Modeli za utabiri ninazozieleza hapa, yaani zile zinazokokotoa hali ya hewa kwa hesabu za fizikia, hazitafuti Novemba ya zamani iliyofanana na hii ili zitoe jibu. Zinaigawa hewa yote ya dunia, kutoka ardhini hadi makumi ya kilomita juu, katika visanduku. Katika modeli kuu ya kituo cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati, kinachojulikana kwa herufi ECMWF, kila kisanduku kina upana wa kilomita 9 hivi, na juu ya kila kipande cha ardhi kuna tabaka 137 za visanduku zilizopangwa moja juu ya nyingine. Ukivihesabu vyote unafika karibu visanduku milioni 900. Kila kimoja kina tarakimu zake chache: upepo unaelekea wapi na kwa kasi gani, halijoto ni kiasi gani, kuna mvuke wa maji kiasi gani, na kanieneo ya hewa ni ipi.

Chukua kisanduku kilichokaa juu ya Njoro saa sita mchana. Kompyuta inajiuliza: katika dakika saba na nusu zijazo, hewa kiasi gani itaingia humu kutoka upande wa Nakuru mjini, na kiasi gani itasukumwa kupanda mteremko wa Mau? Jua litaipasha ardhi kiasi gani, na ardhi itairudishia hewa joto kiasi gani? Mvuke ukigeuka matone, joto unaloachilia litaisukuma hewa juu kwa kasi gani? Majibu yanatokana na milinganyo ileile ya mwendo, joto na uhifadhi wa maada ambayo wanafunzi wa fizikia wanaisoma chuoni. Kikishapata thamani zake mpya, kisanduku hicho kinawapa jirani zake, nao wanampa za kwao, na dakika saba na nusu nyingine zinaanza. Kufika siku ya kumi kunahitaji kurudia kazi hiyo mara 1,920, kila safari kwa visanduku vyote, na jibu la kila hatua ndilo linalokuwa swali la hatua inayofuata. Naomba ulishike hilo la mwisho, kwa sababu kosa lolote lililoingia katika hatua ya kwanza linabebwa katika zote zilizobaki.

Kosa hilo linaingiaje? Kabla ya kuanza, kompyuta inahitaji kujua hali ya hewa ya sasa katika kila kisanduku kati ya hivyo milioni 900, na hakuna aliyevipima. Tuna vituo vya ardhini, ndege za abiria zinazopima upepo na halijoto zikiwa safarini, maputo yanayorushwa na vifaa vya kupimia kama lile la Dagoretti Corner jijini Nairobi, na juu ya vyote hivyo setilaiti, ambazo ndizo zinazoleta sehemu kubwa kabisa ya vipimo. Hata hivyo, setilaiti haipimi upepo na unyevu kama unavyopima maji kwa kikombe. Inapima mionzi inayotoka kwenye hewa, na halijoto na mvuke vinakisiwa kutokana na mionzi hiyo. Ulaya kuna maputo mengi yanayorushwa karibu karibu. Kwetu, kutoka Nairobi hadi mpaka wa Uganda, maputo ya kuipima hewa ya juu ni machache sana.

Mianya hiyo inazibwa kwa njia ya werevu. Kompyuta inachukua utabiri wake yenyewe wa saa chache zilizopita, inauweka kando ya vipimo vipya, na kuurekebisha mpaka ukubaliane navyo kadiri inavyowezekana, huku ikikumbuka kwamba vipimo vyenyewe vina makosa yake. Matokeo ndiyo tunayoyaita hali ya mwanzo. Ni kadirio zuri sana, pengine ndilo kadirio bora la hewa ya dunia ambalo binadamu amewahi kuwa nalo, lakini linabaki kadirio.

Kuna mlango wa pili wa kosa, na huu unatuhusu zaidi sisi wa Bonde la Ufa na magharibi. Wingu la radi linalotunyeshea alasiri huwa na upana wa kilomita tano au kumi, na huenda likazaliwa, likanyesha na kufa ndani ya saa moja. Kisanduku cha kilomita 9 hakiwezi kuliona wingu la namna hiyo. Modeli inaona tu kwamba hewa ya Njoro ina joto chini, baridi juu na mvuke wa kutosha, kisha inatumia kanuni ya makadirio kusema kwamba katika hali kama hii mawingu ya radi huwa yanatokea, na kwa wastani kisanduku hiki kitapata milimita kadhaa. Haijui kama wingu litajengeka kwako au kwa jirani ng'ambo ya mto. Milima nayo inapigwa pasi: kreta ya Menengai, ambayo ina upana wa kilomita 8 hadi 12, ni kisanduku kimoja au viwili. Takwimu zinazotolewa bure kwa umma, ambazo programu nyingi za simu zinazitumia, mara nyingi huwa na visanduku vya robo digrii, yaani karibu kilomita 28 kwa upande katika eneo letu. Ndani ya kimoja kama hicho wanaingia Ziwa Nakuru lililo kwenye mita 1,760 hivi, Menengai inayopita mita 2,200, na mashamba ya Njoro, wote wakipewa mvua moja.

Sasa tuangalie kosa linavyokua, na hapa naomba twende Kisumu kidogo, kwa sababu watu wa Ghuba ya Winam wanalijua jambo hili kwa macho. Gugu maji likianza kama viraka vichache pembeni mwa ghuba, hakuna anayelijali. Tuseme linaongezeka maradufu kila baada ya wiki mbili. Kwa miezi kadhaa mvuvi anaendelea kupita na mashua yake bila shida, kisha siku moja anaona limeziba robo ya maji, wiki mbili baadaye nusu, na wiki mbili nyingine hakuna pa kupita. Kasi ya kuongezeka haikubadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni kwamba sasa lile linaloongezeka maradufu ni kubwa.

Kosa la utabiri huenda vivyo hivyo. Katika mifumo mikubwa ya hewa, ile yenye upana wa maelfu ya kilomita, kosa dogo huongezeka maradufu kwa takriban siku moja na nusu hadi mbili. Tuchukue mbili, kwa ukarimu. Tuseme hali ya mwanzo imeuweka ukanda mmoja wa hewa yenye unyevu kilomita 20 pembeni ya pale ulipo kweli, jambo ambalo hata mtabiri mzoefu hawezi kuligundua kwenye ramani. Siku ya pili kosa ni kilomita 40, siku ya nne 80. Mpaka hapo utabiri bado una maana, kwa sababu ukanda wenyewe ni mpana kuliko kosa. Siku ya sita ni kilomita 160, na kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 145. Mvua uliyoahidiwa wewe sasa inaweza kuwa imenyesha kwa wavuvi wa Dunga. Siku ya nane ni 320, na siku ya kumi ni 640, ambayo inatutoa nje ya nchi. Mfano huu nimeurahisisha, kwa kuwa mifumo halisi haisogei pembeni tu bali pia hukua, hudhoofika na kuchelewa, lakini mwendo wa hesabu ni huo.

Kwa hiyo hakuna kinachovunjika siku ya kumi. Kosa lilikuwa likikua kwa kasi ileile tangu siku ya kwanza, na karibu na siku hiyo ndipo linapofikia ukubwa wa kitu chenyewe tunachokitabiri. Likishafika hapo haliendelei kukua bila mwisho. Linatulia katika ukubwa wa tofauti za kawaida kati ya siku na siku, na utabiri unakuwa hauna uhusiano na siku halisi zaidi ya ule wa Novemba moja na Novemba nyingine.

Mtu anaweza kuuliza, na wanafunzi wangu waliuliza kila mwaka, kwa nini basi tusipime vizuri zaidi mwanzoni. Tupime. Lakini rudi kwenye mfano wetu: ukifanikiwa kulipunguza kosa la mwanzo kwa nusu, kutoka kilomita 20 hadi 10, umelirudisha nyuma kwa maradufu moja, yaani umenunua siku mbili tu. Ukitaka siku mbili nyingine, lipunguze tena kwa nusu. Vituo, setilaiti na kompyuta zinagharimu pesa nyingi zaidi kila safari, na faida inabaki ileile. Hii ndiyo sababu utabiri umekuwa ukisonga mbele kwa takriban siku moja kila miaka kumi: utabiri wa siku ya sita wa sasa una ubora unaokaribiana na ule wa siku ya tano wa muongo uliopita. Ni maendeleo ya kweli, na yamepatikana kwa jasho.

Isitoshe, kuna ukuta. Edward Lorenz, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa mwaka 1961 akiendesha modeli ndogo kwenye kompyuta ya wakati huo, akataka kurudia sehemu ya hesabu. Akaandika upya tarakimu kutoka kwenye karatasi iliyochapishwa, ambayo ilionyesha 0.506, ilhali ndani ya mashine kulikuwa na 0.506127. Hesabu mpya ilifuatana na ya zamani kwa muda, kisha zikaachana kabisa. Watu wengi wameishia kwenye kisa hicho, lakini kilicho muhimu zaidi kwa swali lako ni alichokionyesha mwaka 1969: vitu vidogo angani hupoteza utabirikaji upesi kuliko vikubwa, kisha huvichafua vikubwa. Kosa katika wingu moja la radi huongezeka maradufu kwa saa chache tu, si siku. Wingu hilo linabadilisha upepo unaolizunguka, upepo unabadilisha mfumo wa mamia ya kilomita, na mfumo huo unabadilisha ule wa maelfu. Kwa hiyo hata ukipunguza kosa mpaka libaki la ukubwa wa kitongoji, utakuwa umenunua saa badala ya siku, kwa sababu sasa unashindana na vitu vinavyokua upesi zaidi. Ukijumlisha muda wote huo unaozidi kupungua, unapata kikomo cha takriban wiki mbili, na hakiondoki kwa kuongeza pesa.

Hapa lazima nirekebishe kidogo swali lako, mama. Zile "siku kumi" ulizozisikia zimetoka kwenye vipimo vya mifumo mikubwa ya kanieneo katika kimo cha kama kilomita tano na nusu, hasa katika nchi za mbali na ikweta, ambako mzunguko wa dunia unaibana hewa kwenye mawimbi makubwa yanayoweza kufuatiliwa kwa siku nyingi. Siyo vipimo vya mvua, na siyo vya ikweta. Kwetu mzunguko huo hauna nguvu hiyo, mawimbi hayo hayapo, na mvua yetu nyingi inatoka kwenye mawingu ya radi yaliyozaliwa papo hapo na joto la mchana, milima na ziwa. Usiku hewa kutoka nchi kavu inakutana juu ya Ziwa Viktoria na radi inapiga majini. Mchana upepo wa ziwani unaingia bara, unakutana na upepo wa mashariki karibu na vilima vya Nandi na Kericho, na alasiri mvua ya mawe inayachana majani ya chai. Kwamba jambo hilo litatokea mahali fulani wiki hii, modeli inaweza kusema. Kwamba litatokea juu ya shamba fulani saa tisa alasiri, mara nyingi haiwezi kusema hata ya kesho. Kwa mvua ya shamba moja Njoro, mimi huanza kuwa na wasiwasi tangu siku ya tatu.

Lakini ikweta ina upande wake wa pili. Roland Madden na Paul Julian walieleza mwaka 1971 kuhusu mfumo mkubwa wa mawingu unaosafiri kuelekea mashariki kuizunguka ikweta kwa siku 30 hadi 60. Sehemu yake yenye mawingu ikiwa juu ya Bahari ya Hindi ya magharibi, nyanda za juu za magharibi mwa Kenya huelekea kupata mvua zaidi. Kwa kuwa ni mkubwa na wa polepole, mwendo wake unaweza kutabiriwa kwa wiki mbili, tatu au zaidi. Kwa misimu mizima, tunaangalia bahari: mvua nyingi za Oktoba hadi Desemba 2019 zilifungamana na Bahari ya Hindi kuwa na joto upande wetu na baridi upande wa Indonesia, na bahari hubadilika kwa miezi, si kwa siku. Ndiyo maana mtabiri anaweza kukwambia kwa haki kwamba Novemba inaelekea kuwa na mvua kuliko kawaida, huku akikataa kabisa kukwambia habari za tarehe 18. Watu huona huo ni ujanja. Ni maswali mawili tofauti: la kwanza linauliza uzito wa dadu, la pili linauliza itaangukia upande gani.

Na dadu hilo la ludo linaeleza vizuri kilichokupata. Tuseme tunabashiri dadu litaonyesha nambari gani. Mimi kila mara nasema tatu na nusu, yaani wastani. Wewe una dadu lako la pili, unalirusha, na nambari uliyoipata ndiyo unayoisema. Tukilipima kosa letu kwa kulizidisha lenyewe kwa lenyewe, kwa wastani langu ni karibu 2.9 na lako ni karibu 5.8, mara mbili kamili. Dadu lako si bovu. Ni dadu halali kabisa, na linaonyesha nambari zinazotokea kweli, lakini halina habari za dadu la kwanza, kwa hiyo linaongeza yumbayumba yake juu ya ile iliyokuwapo. Utabiri mmoja wa siku ya kumi na mbili ni hilo dadu la pili. Unaonekana wa kweli kwa sababu modeli inatoa siku za Novemba zinazofanana na Novemba, zenye jua la asubuhi na radi ya alasiri, lakini si Novemba yako. Mkulima aliyetumia kumbukumbu za miaka thelathini kwa tarehe hiyo angekosea kidogo kuliko wewe uliyetumia kompyuta kubwa kuliko zote.

Sasa utaona kwa nini simu yako ilikuwa ikigeuka. Modeli ya Wamarekani, GFS, huanzishwa upya mara nne kwa siku, kwa vipimo vya saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa majira yetu, na kila safari inakwenda hadi siku ya 16. Kila safari inaanza na hali ya mwanzo iliyotofautiana kidogo na ile iliyotangulia. Kwa kesho tofauti hiyo haionekani. Kwa siku ya kumi na mbili imekua mpaka kuwa kila kitu, na programu inayochukua jibu la safari ya mwisho tu inachora jua, kisha radi, kisha jua. Kule kugeukageuka ndiko kulikuwa habari pekee ya maana uliyopewa. Kulikuwa kunakwambia kwamba tarehe 18 ilikuwa bado haijulikani.

Watabiri waliligeuza tatizo hili kuwa chombo. Tangu mwisho wa mwaka 1992, vituo vikuu haviendeshi modeli mara moja tu. ECMWF leo huendesha nakala 50, kila moja ikianza na hali ya mwanzo iliyosukumwa kidogo ndani ya mipaka ya makosa yetu ya kupima, pamoja na moja isiyosukumwa. Kisha wanaangalia nakala hizo zinavyoachana. Tuseme leo ni tarehe 15 na nakala 44 kati ya 50 zinakupa mvua tarehe 18. Hapo mwanzo wa hewa, hata ukiubadilisha kidogo, unaishia kwenye jibu lilelile, na ushauri wangu ungekuwa usivune. Tuseme sasa ni tarehe 6, na nakala 24 zinasema mvua na 26 zinasema kavu. Kwenye simu, programu inaweza kuchukua ule upande wenye wingi wa kura mbili na kuchora jua tupu. Ukitaka kujua kama nakala hizo zina habari yoyote, zilinganishe na kawaida ya mwezi. Kama kumbukumbu zinaonyesha kwamba Novemba ya eneo lako hunyesha karibu nusu ya siku, basi nakala 24 kati ya 50 zimekwambia kile ambacho nyanya yako alikijua. Zikiwa 40 au 8, hata kama ni siku ya kumi na mbili, kuna jambo zimeliona, na huenda ni lile wimbi kubwa la Madden na Julian.

Nami nimeungua kwa hili. Niliwahi kumhakikishia shemeji yangu, siku kumi na moja kabla, kwamba harusi ya bintiye Kisumu ingekuwa kavu, kwa sababu nilikuwa nimeona ramani moja nzuri na sikujisumbua kutazama nakala nyingine. Mahema yalijaa maji kabla ya keki kukatwa. Hakunilaumu mbele za watu, na hilo lilinikera zaidi.

Kwa mavuno yajayo, fanya hivi. Utabiri wa msimu utumie kuamua kama utahitaji turubai za ziada au kutafuta mashine ya kukaushia, basi. Ikibaki wiki moja, soma utabiri wa siku saba wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, ambao umeandikwa na mtu anayeijua tofauti ya Nakuru na Kericho, na uutumie kupanga, siyo kuahidi: waambie vibarua kwamba huenda ikawa wiki hiyo. Katika programu ya simu tafuta asilimia ya uwezekano wa mvua badala ya picha, na uandike kwenye daftari ile ya tarehe moja kila asubuhi. Ikiwa siku tano mfululizo imetulia karibu na asilimia 20, hali ya mwanzo imekuwa ikibadilika na jibu halibadiliki, na hilo ni dalili njema. Ikiruka kutoka 20 hadi 70 na kurudi, puuza zote. Uamuzi wa kukata mabua uache mpaka zibaki siku mbili au tatu. Hata hapo, mahindi yakishakuwa kwenye turubai, kuanzia saa saba mchana tazama upande wa Mau: wingu likianza kupanda juu kama mnara, na kichwa chake kikianza kutandaa, una kama nusu saa ya kuyakusanya, na hakuna modeli itakayokwambia hilo mapema kuliko macho yako.